Bull Put Spread: Upana, Uwezekano wa Faida na Hasara ya Juu (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Mfano mmoja utatumika kuanzia mwanzo hadi mwisho: SPY, mfuko wa hisa wa Marekani unaofuata fahirisi ya S&P 500, ukiwa kwenye bei ya dola 500, na mikataba ikibakiza siku 45. Bei za opsheni hapa ni za kukokotoa, kwa mtikisiko wa bei wa asilimia 19 hivi kwa mwaka, kisha nimezizungusha kidogo. Ukifungua skrini yako leo utakuta namba nyingine, lakini hesabu ni hizi hizi.

Kwanza, nauza nini na nanunua nini?

Opsheni ya kuuza, ile inayoandikwa PUT kwenye skrini na ambayo hapa tutaiita puti, humpa mwenye kuinunua haki ya kuuza hisa 100 kwa bei iliyopangwa. Wewe unamuuzia mtu puti ya 475 na kupokea dola 3.80 kwa kila hisa. Hapo hapo unanunua puti ya 470 kwa dola 2.95. Zote mbili zinaisha siku moja, na jozi hiyo ndiyo bull put spread, au kwa kifupi spredi. Mkononi unabaki na senti 85 kwa hisa, yaani dola 85 kwa mkataba.

Kwa maneno mengine umekuwa kampuni ndogo ya bima. Umekubali kulipa SPY ikishuka chini ya 475, na wewe mwenyewe umejikatia bima inayoanza kulipa chini ya 470. Shimo lililo katikati, dola 5, ndilo lako.

```
upana         = 475 - 470           = 5.00
malipo        = 3.80 - 2.95         = 0.85
faida ya juu  = 0.85 x 100          = 85
hasara ya juu = (5.00 - 0.85) x 100 = 415
kusawazika    = 475 - 0.85          = 474.15
```

SPY ikimaliza kwenye 475 au juu yake, unabaki na dola 85 zote. Ikimaliza 474.15, hupati wala hupotezi. Ikimaliza 470 au chini, hata iwe 300, umepoteza dola 415. Dalali hushikilia hizo 415 kwenye akaunti yako tangu siku ya kwanza.

Nianze kuchagua kipi: upana, uwezekano au hasara?

Hasara. Wengi huanza na uwezekano kwa sababu skrini huuonyesha kwa rangi ya kijani, halafu upana wanauchukua ule uliokuja wenyewe, na hasara wanakutana nayo mwisho kwenye dirisha la kuthibitisha oda, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe.

Mimi huenda kinyume. Naandika kwanza pesa ambayo ikipotea yote wiki hii bado nitaendelea. Kisha nachagua bei ya puti ya kuuza, ambayo ndiyo hubeba uwezekano. Upana unakuja wa tatu, na kazi yake ni kuiingiza hasara ndani ya kiasi nilichoandika.

Puti ya 475 ina delta ya 20. Si maana yake nitashinda mara 80 kwa 100?

Karibu na hapo, na neno "karibu" ndilo linalokula akaunti za watu.

Delta ya puti hii ni 0.20 (skrini huiandika kwa alama ya kutoa), na wafanyabiashara huisoma kama makadirio ya haraka kwamba kuna nafasi asilimia 20 SPY imalize chini ya 475. Basi asilimia 80 iko upande wako. Programu nyingi huenda hatua moja mbele na kupiga uwezekano wa kumaliza juu ya bei ya kusawazika, yaani 474.15, kwa hiyo namba hiyo, ambayo skrini huiita POP, itakuwa juu kidogo ya 80.

Sasa weka pesa juu ya hiyo asilimia. Chukua biashara 100 za aina hii na, ili hesabu iwe rahisi, tuseme kila moja inaishia kwenye faida yote au hasara yote. Ukishinda 82 umepata 82 × 85, dola 6,970. Zile 18 ulizoshindwa zimekula 18 × 415, dola 7,470. Umeshinda mara 82 na bado una upungufu wa dola 500, kabla ya kamisheni. Ili tu usipoteze unahitaji kushinda mara 83, na hiyo 83 si bahati nasibu: ni 415 kugawa kwa 500.

Chukua sasa malipo na ugawe kwa upana: 0.85 kwa 5.00 ni asilimia 17. Hiyo ndiyo bei ambayo soko lenyewe limeipa nafasi ya wewe kupoteza, wastani wa eneo kati ya 475 na 470. Delta inasema 20, pesa inasema 17. Mbona hazilingani? Delta hutoka kwenye fomula, tena kwa kutumia mtikisiko wa puti ile moja tu. Kwenye fahirisi za hisa, puti za chini zaidi huuzwa kwa mtikisiko mkubwa zaidi kwa sababu watu wanaogopa anguko, kwa hiyo puti ya 470 unayonunua ni ghali kidogo kuliko ungetegemea, na inakula malipo yako. Uwiano wa malipo kwa upana umeshalibeba jambo hilo. Zikigombana, mimi huamini pesa.

Kwa hiyo usijisifu kwa POP ya 80. Ni bei, na umeilipia. Ukitaka 90, soko litakuuzia: utashuka hadi delta ya 10, malipo yatakuwa madogo, na hasara moja itafuta ushindi mwingi zaidi. Kama muuzaji ana unafuu wowote, unatoka mahali pengine: kwa miaka mingi mtikisiko uliowekwa kwenye bei za opsheni za S&P 500 umekuwa, kwa wastani, juu kidogo ya mtikisiko uliokuja kutokea kweli. Unafuu huo ni mwembamba, na kuna vipindi hupotea kabisa.

Kama nafasi ya kushindwa ni 20 tu, mbona SPY inagusa bei yangu kila mara?

Kwa sababu kugusa si kumaliza. Kanuni ya mkono ni kwamba nafasi ya bei kugusa 475 wakati wowote ndani ya siku 45 ni kama mara mbili ya nafasi ya kumaliza chini yake. Delta 20, basi tegemea kuguswa mara 40 kwa 100. Nusu ya hofu utakazopata zitaisha zenyewe. Tatizo ni kwamba siku ya hofu hujui hii ni ya nusu ipi.

Upana uwe dola ngapi?

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana jibu la kawaida, "upana mkubwa malipo makubwa", ni kweli na halisaidii. Nimeacha puti ya kuuza palepale 475 na kusogeza ile ya kununua:

| Puti ya kununua | Upana | Malipo | Hasara ya juu | Malipo kwa upana |
|---|---|---|---|---|
| 473 | 2 | 0.35 | 165 | 17.5% |
| 470 | 5 | 0.85 | 415 | 17% |
| 465 | 10 | 1.50 | 850 | 15% |
| 455 | 20 | 2.40 | 1,760 | 12% |

Asilimia ya mwisho inashuka kadiri unavyopanua, na si wizi. Kila dola unayoiongeza chini iko mbali zaidi na ina nafasi ndogo zaidi ya kufikiwa, kwa hiyo soko linakulipa kidogo zaidi kwa kuibeba.

Swali lenye maana ni hili: nikiwa na takriban pesa ileile ya kuhatarisha, nichukue mikataba minne ya upana wa 5 au mmoja wa upana wa 20? Minne inahatarisha dola 1,660 na kuniletea 340. Mmoja unahatarisha 1,760 na kuleta 240. Kwa macho ya haraka minne inashinda: inalipa zaidi kwa hatari ndogo zaidi. Angalia siku ya kuisha:

| SPY inamaliza | Minne ya 5 | Mmoja wa 20 |
|---|---|---|
| 480 | +340 | +240 |
| 473 | −460 | +40 |
| 470 | −1,660 | −260 |
| 465 | −1,660 | −760 |
| 450 | −1,660 | −1,760 |

Utazame mstari wa 470. SPY imeshuka asilimia 6 ndani ya mwezi mmoja na nusu, jambo ambalo hutokea, na mikataba minne imeshamalizika kabisa wakati ule mmoja mpana umejikwaa tu. Upana mdogo ni kama taa ya umeme, iwake au izime. Upana mkubwa unakuachia nafasi ya kukosea kidogo na kulipa kidogo. Ile dola 100 ya ziada kwenye mikataba minne ndiyo ujira wa kukubali kufika chini haraka.

Binafsi nikiwa na nafasi kwenye akaunti huchukua upana wa 10 mmoja kuliko wa 5 miwili, lakini sioni kosa kwa anayefanya kinyume ilimradi ameiona ile safu ya 470.

Kwa upana wa 2 kuna kikwazo kingine, gharama. Dalali akitoza, tuseme, senti 65 kwa mkataba kwa kila upande, kufungua puti mbili ni dola 1.30 na kuzifunga ni 1.30 nyingine. Dola 2.60 kutoka kwenye malipo ya 35 ni zaidi ya asilimia 7, na hapo hujakata kile unachoachia kati ya bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji. Kwenye malipo ya dola 150 gharama hiyohiyo haifiki asilimia 2.

Nina akaunti ya dola 10,000. Mikataba mingapi?

Ukiamua kwamba biashara moja isile zaidi ya asilimia 5, una dola 500. Upana wa 5 unakupa mkataba mmoja, 415, na unabaki na makombo. Upana wa 10 haupiti. Ukitaka asilimia 2, basi ni upana wa 2 na ile gharama niliyoitaja, au unasubiri akaunti ikue. Usigawe dola 500 kwa 85. Nimeona watu wakipanga idadi ya mikataba kwa faida wanayoitaka mwezi huo, kodi ya nyumba ikiwa ndiyo kipimo.

Na usidanganyike kwamba spredi kwenye SPY, nyingine kwenye QQQ na nyingine kwenye IWM, mifuko mingine ya hisa za Marekani, ni biashara tatu. Soko likianguka kweli, ni moja. Tarehe 19 Februari 2020 S&P 500 ilifunga kwenye 3,386, kilele cha wakati huo. Tarehe 23 Machi ilifunga 2,237, na Aprili 3, siku 44 baada ya kilele, ilikuwa bado chini ya 2,500. Aliyefungua spredi ya siku 45 kwenye kilele, asilimia 5 chini ya bei, na kuishikilia hadi mwisho alipata hasara ya juu. Upana haukuwa na maana, wala POP. Aliyekuwa na spredi tano kama ya mfano wetu kwenye akaunti ya 10,000 angepoteza 2,075, moja ya tano ya akaunti, kwa sababu ya malipo ya dola 425. Kwa hiyo jumlisha hasara ya juu ya spredi zote ulizofungua, na jiulize kama unaweza kuibeba jumla hiyo kwa siku moja.

Oda niiweke vipi?

Puti zote mbili kwa pamoja, kama oda moja yenye bei maalumu, wala usiuze ile ya 475 kwanza ukisubiri kununua ya 470 baadaye. Anza kwenye bei ya katikati, ukishindwa shuka senti moja moja. Saa za kwetu, soko la New York hufunguka saa kumi na nusu jioni wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi na moja na nusu wanaporudisha saa nyuma. Dakika 15 za mwanzo bei za opsheni huwa na mwanya mpana. Kunywa chai kwanza.

Nifunge mapema au nisubiri siku ya mwisho?

Wengi hufunga wakishapata nusu ya malipo: wanainunua tena spredi kwa senti 42 na kubaki na dola 43. Ni tabia nzuri, inapunguza siku za kukaa kwenye hatari. Ila ukibadilisha faida umebadilisha hesabu yote. Ukifunga ushindi kwa 43 na kuacha hasara zikimbie hadi 415, sasa unahitaji kushinda mara 91 kwa 100, kwa sababu 415 kugawa kwa 458 ni 0.906. Ile POP uliyoisoma mwanzo haikuwa ya mchezo huu. Ni kweli kwamba nusu ya malipo hufikiwa mara nyingi zaidi kuliko malipo yote, lakini usifikiri tofauti hiyo inakuja bure.

Ukiamua pia kukata hasara ikifika mara mbili ya malipo, yaani 170, hitaji linarudi 80 hivi. Sasa kasoro: soko likifunguka asubuhi limeshaanguka asilimia 3, hakuna mtu atakayekufungia kwa 170. Ndiyo maana ukubwa wa biashara hupangwa kwa 415, hata kama una nia ya kukata mapema.

Naweza kupoteza zaidi ya hiyo hasara ya juu?

Ndiyo. Si kwa bei ya soko peke yake, bali kwa namna mikataba inavyoisha.

Opsheni za SPY hulipwa kwa hisa zenyewe, na mwenye puti anaweza kuitumia siku yoyote. Akiitumia mapema, usihangaike sana: unakabidhiwa hisa 100 kwa 475, lakini puti yako ya 470 ipo hai, unaitumia kuziuza kwa 470 na hasara inabaki 415 pamoja na ada.

Hatari iko Ijumaa ya kuisha, SPY ikiwa katikati ya bei zako. Tuseme imefunga 472. Puti ya 475 ina thamani, na kwa utaratibu wa OCC, taasisi inayosimamia malipo ya opsheni zote za Marekani, puti yenye thamani ya hata senti moja hutekelezwa yenyewe isipokuwa mwenyewe akatae. Puti yako ya 470 inakufa bila thamani. Unaamka na hisa 100 zilizonunuliwa kwa dola 47,500 kwenye akaunti ya 10,000, na bima imekwisha. Jumatatu SPY ikifunguka 460, umepoteza 1,500 kwenye hisa, ukiondoa 85 uliyopokea ni 1,415. Zaidi ya mara tatu ya "hasara ya juu".

Hata kufunga 475.20 si salama kabisa. Mwenye puti ana hadi saa 11:30 jioni ya New York kutoa uamuzi, ambayo kwetu ni saa sita na nusu usiku au saa saba na nusu kutegemea majira, na habari mbaya inaweza kutoka kengele ikishalia.

Madalali wanalijua hili, kwa hiyo baadhi yao huzifunga spredi za namna hiyo wenyewe saa chache kabla ya mwisho, kwa bei yoyote iliyopo. Wangu aliwahi kunifungia kwa 3.60 wakati bei ya katikati ilikuwa 3.10. Nililalamika, nikaonyeshwa kifungu kwenye mkataba niliosaini. Tangu hapo spredi iliyo karibu na bei zangu haivuki Alhamisi.

Opsheni za fahirisi yenyewe je, SPX na XSP?

Hizo hulipwa kwa fedha taslimu na haziwezi kutumiwa kabla ya siku ya kuisha, kwa hiyo hakuna hisa za kukabidhiwa na hasara ya juu inabaki ya juu kweli. XSP ni sehemu ya kumi ya SPX, ukubwa wake unakaribia SPY. Mwanya wa bei kwenye XSP mara nyingi ni mpana kuliko SPY, na senti tano ukizitoa kwenye malipo ya 85 zinaonekana. Kuwa makini na SPX ya kila mwezi, ile ya Ijumaa ya tatu: biashara yake husimama Alhamisi, na bei ya malipo hutokana na ufunguzi wa Ijumaa asubuhi. Ukilala Alhamisi ukiwa salama kwa pointi 20, unaweza kuamka hauko salama, na kitufe cha kufunga hakipo tena.

Spredi ikienda vibaya, niisogeze mwezi unaofuata?

Kusogeza ni biashara mbili: unafunga hii kwa hasara na kufungua nyingine. Hesabu ya mpya ianze upya. Mfano, spredi yetu sasa inagharimu 2.85 kuifunga, umepoteza dola 200. Ukiipeleka mwezi unaofuata kwa bei zilezile 475 na 470 ukapokea 3.00, umeongeza senti 15 tu, lakini spredi mpya ina malipo kwa upana ya asilimia 60. Soko limekwambia kuna nafasi kama 60 kwa 100 ya kupoteza. Je, kama usingekuwa na ile ya zamani, ungefungua hii leo? Mara chache nimejibu ndiyo.